Sare na Madaftari: Kipi Kinunuliwe Mapema, Kipi Kisubiri Januari

Wengi wetu humwona muuza sare na madaftari katika wiki mbili tu za mwaka, pale shule zinapofunguliwa Januari na kaunta inapojaa wazazi na watoto. Kazi yenyewe, hata hivyo, huwa imekwisha kabla ya wiki hizo kufika. Aliyepanga vizuri mwezi wa Oktoba na Novemba hana la kufanya Januari isipokuwa kupima, kufunga na kupokea fedha. Ambaye hakupanga hupata hasara ya namna mbili kwa wakati mmoja: saizi inayotakiwa imemwishia, na ile isiyotakiwa imejaa darini.

Sisi ni mume na mke wenye duka dogo la Ngamiani, mjini Tanga. Mwaka mzima tunauza vitambaa, nyuzi, vifungo na mahitaji ya nyumbani, na inapokaribia Januari sehemu kubwa ya mtaji huo tunaigeuza kuwa bidhaa za shule. Mtaji wenyewe si mkubwa, na ndani yake imo ada ya watoto wetu wenyewe. Hatuna deni la benki, kwa kuwa tumejizuia na riba, wala hatuna mfuko mwingine wa kuchotea. Shilingi iliyolala kwenye sweta lisilouzika haiwezi kununua unga wa Februari. Kwa sababu hiyo tumelazimika kujifunza kupanga idadi na wakati, na hayo ndiyo tunayotaka kumweleza msomaji aliye na duka, anayefikiria kufungua moja, au mzazi anayetaka kujua kwa nini saizi ya mwanawe huadimika wiki ile ile anayoihitaji.

Jambo la kwanza ni kutenganisha bidhaa kwa swali moja: kikibaki, kitauzwa lini na kwa nani? Daftari likibaki Januari litauzwa Machi, na likibaki Machi litauzwa Julai muhula wa pili utakapoanza. Halina jina la shule wala halina saizi. Hijabu nyeupe ya mwanafunzi iko karibu na daftari, maana shule nyingi huitumia na madrasa huitumia pia. Sweta la rangi maalumu lenye nembo ya shule moja ni bidhaa ya namna nyingine kabisa. Lina mnunuzi wa shule moja, wa umri mmoja, katika majira mamoja. Mkuu wa shule akibadili rangi, sweta hilo limekufa.

Hilo la kubadili rangi si la kufikirika. Mfanyabiashara mwenzetu wa mtaa wa pili aliwahi kubaki na masweta 60 baada ya shule moja kutangaza rangi mpya wiki mbili kabla ya kufunguliwa. Alikuwa ameyagharimia shilingi 10,000 kila moja, kwa hiyo shilingi 600,000 zikapanda darini na kukaa huko. Kwa fedha kama hizo, kwa bei tunayonunulia sisi, angepata dazeni 120 za madaftari, na madaftari hayo yangerudisha fedha hata kama kwa kuchelewa. Mtaji ni ule ule, lakini hatari yake si moja. Tangu wakati huo, kila Oktoba tunakwenda katika shule tunazozihudumia na kuuliza maswali mawili: je, sare itabaki kama ilivyo, na je, shule yenyewe inakusudia kuuza masweta? Ziara ya asubuhi moja huokoa fedha nyingi.

Tuanze na madaftari, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Tunaangalia kitabu chetu cha mauzo na kuhesabu wateja wa Januari iliyopita. Mwaka mmoja tulipata wateja 120, na kwa wastani kila mmoja alichukua madaftari kumi. Jumla ni 1,200, yaani dazeni 100. Dazeni tunainunua kwa 5,000 na kuiuza kwa 6,000. Kwa kuwa yanayobaki hayapotei, hatuna sababu ya kuagiza kwa woga, na mwaka uliofuata tulinunua dazeni 120. Daftari likikosekana hatupotezi faida ya daftari peke yake. Mzazi mwenye orodha mkononi hataki kuzunguka maduka matatu. Akikosa madaftari kwako, atanunua na sare huko aendako.

Madaftari tunayanunua Kariakoo, Dar es Salaam, katikati ya Novemba. Ikifika wiki ya mwisho ya Desemba bei ya jumla huwa imepanda, magari ya mizigo yamejaa, na aina zinazotakiwa zimeadimika. Aina tunazoagiza zinafuata madarasa: yenye mistari mipana na yenye viboksi vya hesabu kwa watoto wadogo, yenye kurasa nyingi zaidi kwa madarasa ya juu, na kaunta buku kwa wa sekondari. Hizo za sekondari hatuzikamilishi Novemba. Orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutangazwa Desemba kwa kawaida, na fomu za kujiunga ndizo zinazosema mwanafunzi aje na kaunta buku ngapi na za unene gani. Tunanunua kiasi tu, kisha tunasubiri fomu.

Kabla ya kulipia, fungua dazeni moja. Hesabu karatasi: daftari la kurasa 80 lina karatasi 40, na yapo yanayoandikwa 80 lakini ukihesabu hayafiki. Andika kwa kalamu ya wino, kisha geuza upande wa pili; wino ukipenya, mtoto atatumia upande mmoja tu, na mzazi atarudi kulalamika. Yakishafika dukani, adui yake huku pwani ni unyevu. Maboksi tunayaweka juu ya vichaga vya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, kwa ajili ya unyevu na kwa ajili ya mchwa pia. Pini zikianza kuota kutu na kingo za karatasi zikijikunja, ujue boksi hilo limekaa vibaya na linafaa kuuzwa kwanza.

Sare ndiyo inayotaka akili. Hapo tunajiuliza maswali mawili juu ya kila nguo. Moja likipungua, tunapoteza nini? Moja likibaki, tunapoteza nini? Uzito wa majibu hayo mawili ndio unaotuambia tuagize kwa wingi au kwa uchache.

Chukua mfano wa sketi ya bluu ya shule ya msingi. Shule moja ya jirani, kwa Januari tatu mfululizo, ilituletea wateja 50, kisha 67, kisha 55. Idadi hii si ya waliouziwa tu. Mwaka ule wa pili tuliuza sketi 58, na wasichana tisa wakarudi mikono mitupu kwa kukosa saizi. Kama tusingewaandika hao tisa, kitabu kingetudanganya kwamba mahitaji yalikuwa 58. Ndiyo maana pembeni ya kaunta pana daftari lenye kichwa cha habari kimoja, “Waliokosa”, na kila anayeondoka bila alichokitaka huandikwa: nguo gani, saizi gani, tarehe gani.

Basi mahitaji yako kati ya 50 na 67. Sketi moja inatugharimu 8,500 pamoja na kushonwa, na tunaiuza 12,000. Ikipungua moja, tunapoteza faida ya 3,500. Ikibaki moja, haina nembo, na shule nyingine nazo huvaa bluu hiyo, kwa hiyo itauzwa katikati ya mwaka. Hasara ni kungoja tu. Hapo tunaegemea upande wa juu na kupanga sketi 65.

Sweta linaleta jibu tofauti. Tunalipata kwa 10,000 na kuliuza 14,000. Likipungua tunakosa 4,000. Likibaki na nembo yake, na shule ikabadili sare, hatutapata zaidi ya 5,000, yaani tumepoteza 5,000. Hasara ya kubaki imezidi hasara ya kupungua, na kwa hesabu hiyo tungeagiza katikati au chini kidogo, masweta 55 hivi, tukijua kwamba mwaka wa neema baadhi ya watoto watakosa.

Lakini liko jambo linalobadili hesabu hiyo. Shule hiyo na shule nyingine ya mtaa wa jirani huvaa sweta la kijani kibichi la aina moja. Kinachotofautisha ni nembo ya kifuani. Tukaacha kuagiza masweta yaliyokwisha kutiwa nembo. Sasa tunaagiza masweta 95 matupu kwa ajili ya shule zote mbili, na nembo tunazichukua pembeni kwa idhini ya walimu wakuu: 70 za shule ya kwanza na 45 za ya pili. Nembo moja ni shilingi 500, na fundi huishona kwa dakika chache mteja akisubiri. Mwaka shule ya kwanza ikileta wengi na ya pili wachache, masweta yanahama yenyewe. Ni nadra shule zote mbili kufikia kilele kwa pamoja. Mwisho wa msimu kinachobaki zaidi ni nembo ishirini za shilingi 10,000 kwa jumla, ambayo ni gharama ya sweta moja tu.

Hilo ndilo funzo lililo katikati ya makala haya. Nunua mapema kile ambacho bado hakijafungwa kwa mtu mmoja, na uchelewe kukifunga. Sweta tupu halijafungwa. Nembo ndiyo inayolifunga. Kitambaa hakijafungwa, mkasi ndio unaokifunga kwa saizi.

Kwa sketi tunafuata njia hiyo hiyo. Kitambaa cha sketi zote 65 tunakinunua kwa mara moja mwishoni mwa Oktoba. Sababu ni rangi: bluu ya jora moja na bluu ya jora jingine hazilingani kila mara, hata zikiwa na jina moja, na tofauti huonekana watoto wanapopanga mstari juani. Kabla ya kununua tunalowesha kipande cha kitambaa na kukifinya ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kitaharibu mashati ya watoto siku ya kwanza ya kufua. Kisha tunamkabidhi fundi akate na kushona 45, na zile 20 zilizobaki kitambaa chake hukaa kwenye rafu bila kuguswa.

Muda wa fundi nao una hesabu yake. Sketi ya marinda haishonwi kama gunia. Fundi wetu hutoa tano kwa siku zikiwa nzuri. Sketi 45 ni siku tisa za kazi, na ukiongeza siku za umeme kukatika na mchana wa Ijumaa, ni wiki mbili. Tunampa kazi mwanzoni mwa Novemba ili ifikapo tarehe 20 awe amemaliza, kwa sababu baada ya hapo wateja wake wa sikukuu za Desemba huanza kumiminika na ahadi zote huwa “kesho”. Zile 20 za mwisho tunapatana naye tangu mwanzo kwamba zitahitaji siku nne za wiki ya kwanza ya Januari, na siku hizo tunazilipia sehemu mapema ili asizitoe kwa mwingine.

Kwa nini tusimalize zote? Ni kwa sababu ya saizi. Mzazi hanunui nguo inayomtosha mtoto, hununua ya kukulia. Mtoto wa miaka sita anayetoshewa na sweta namba 24 huondoka na 26 au 28, mikono imekunjwa. Kwa hiyo katika masweta 60 ya wanaoanza darasa la kwanza, mgawo wetu ni namba 24 manane, namba 26 ishirini na manne, namba 28 ishirini, na namba 30 manane. Anayeagiza sawa kwa sawa, kumi na tano kila saizi, hubaki na namba 24 tele huku namba 26 imekwisha kabla shule hazijafunguliwa. Hata hivyo mgawo hubadilika kidogo kila mwaka, na katika kile kitambaa kisichokatwa ndimo tunamosahihishia. Ikifika tarehe 3 au 4 Januari, kitabu cha mauzo na lile daftari la waliokosa vimeshasema ni saizi gani inakimbia, na fundi anakata hiyo.

Wateja huja kwa mawimbi matatu. Wimbi la kwanza ni la Desemba, wazazi wachache wenye fedha na utulivu, nao huchagua vizuri. La pili ni siku saba za mwisho kabla ya kufunguliwa, na ndilo kubwa. La tatu husahauliwa na wengi: huanza mishahara ya mwisho wa Januari inapotoka, pale wazazi waliompeleka mtoto darasani na shati la kaka yake wanapokuja kukamilisha. Anayefunga hesabu katikati ya Januari na kushusha bei ili amalize mzigo hulikosa wimbi hilo. Sisi hatushushi bei kabla ya wiki ya pili ya Februari. Lakini baada ya tarehe 20 Januari hatuagizi tena kilicho na nembo. Aliyebaki tunamshonea yeye mwenyewe kwa kipimo chake.

Wapo wazazi wasioweza kungoja Desemba wala kutoa kwa mkupuo. Mama mmoja muuza vitumbua, mwenye mabinti watatu, alituambia, “Wanangu, mimi Januari sina kitu, lakini Septemba naweza kuleta elfu mbili kila Ijumaa.” Kutokana na neno lake tulifungua kitabu cha kulipa kidogo kidogo. Mzazi anaanza Septemba, anaandikiwa nguo gani na kwa bei gani, na bei hiyo haibadiliki hata soko likipanda, maana muamala ambao bei yake au bidhaa yake haijulikani huzaa ugomvi, na dini yetu imetuhadharisha nao. Saizi hatuiandiki Septemba, mtoto anakua. Tunaandika darasa na kumpima katika wiki ya pili ya Desemba. Akishindwa kuendelea, hurejeshewa alichotoa bila kukatwa. Kitabu hiki kinamsaidia mzazi, na kwetu kina faida ambayo hatukuitarajia: majina 30 yaliyomo ni oda 30 zisizo za kubahatisha, na fedha zake hununua kitambaa cha Oktoba pasipo mkopo.

Liko jambo moja lililo mbele yetu ambalo maduka ya mitaa ya Waislamu yanapaswa kulitazama mapema. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda ya shule kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Kwa hesabu ya falaki, na tofauti ya siku moja au mbili kwa kufuata mwandamo, mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, mwaka 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kufikia Januari 2032 na mwanzo wa Januari 2033, Idi yenyewe itakuwa imegusana na kufunguliwa kwa shule. Wazee wa biashara wanaikumbuka hali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Maana yake dukani ni kwamba fundi yule yule ataombwa nguo za Idi na sare kwa wiki zile zile, na mfuko ule ule wa mzazi utagawanywa kwa futari, nguo za sikukuu na madaftari. Tunavyopanga sisi, katika miaka hiyo kushona kutaanza Septemba badala ya Novemba, kitabu cha kulipa kidogo kidogo kitafunguliwa Juni, na kwa wavulana tutatafuta shati jeupe lenye mshono safi linalofaa swala ya Idi na darasani pia. Kuhusu nguo zenye nembo tutapunguza mkono zaidi, kwa kuwa wimbi la tatu huenda likawa refu kuliko tulivyozoea.

Kwa mzazi asiye na duka, haya yana neno moja. Ukijua shule ya mwanao, mpeleke akapimwe wiki ya pili ya Desemba, hata kama fedha haijatimia, na jina lake liandikwe. Muuzaji mwenye akili atalipenda jina hilo kuliko mteja wa tarehe 6 anayetaka namba 26 iliyokwisha jana. Na ukiondoka dukani bila ulichokitafuta, usiondoke kimya. Mwambie muuzaji aandike. Mwakani saizi hiyo itakuwapo, Inshaallah.